Kuitambua Bangili ya Mazoezi Isiyo na Chaja: Ushahidi wa Mkanda, Mgongo na Vitone

Utangulizi

Bangili ya mpira inayovaliwa kwenye kifundo cha mkono ili kuhesabu hatua, mapigo ya moyo na saa za usingizi si kitu kigeni tena katika miji ya Kenya. Baadhi ya watu huiita saa janja, ingawa wauzaji hulihifadhi jina hilo kwa kifaa chenye uso mpana kinachoshabihiana na saa ya kawaida. Makala haya yatafuata desturi hiyo ya wauzaji: chombo chembamba kitaitwa bangili ya mazoezi, na chenye uso mpana kitaitwa saa janja. Pale ambapo jambo linavihusu vyote viwili, neno kifaa litatosha.

Aghalabu vifaa hivi humfikia mtumiaji wa pili bila sanduku, bila kijitabu cha maelezo na, baya zaidi, bila chaja. Hutumwa na jamaa walio Ughaibuni, huokotwa ndani ya marobota ya mitumba, au hupatikana kwenye mtoto wa meza baada ya miaka miwili ya kusahauliwa. Betri imekwisha, skrini ni nyeusi, na mahali pa kuchomeka waya wa simu hapaonekani. Tofauti na simu, ambazo chaja zake zimekuwa zikikaribiana mwaka baada ya mwaka, bangili na saa hizi kila moja huja na chaja yake, na mara nyingi toleo la mwaka huu halikubali chaja ya toleo la mwaka jana kutoka kwa mtengenezaji yuleyule.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi kifaa cha aina hiyo kinavyoweza kutambuliwa kwa kukitazama tu, kikiwa kimezimika. Ushahidi uko katika sehemu tatu: mkanda, mgongo wenye kihisio, na mahali umeme unapoingilia. Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba ushahidi huo hauna uzito sawa. Mkanda hutaja ukoo, mgongo hudokeza kizazi, lakini ni mahali pa umeme peke yake panapoamua. Wengi wanaonunua chaja isiyofaa huwa wameamua kwa kuutazama mkanda.

Mkanda na hila zake

Mkanda ndio unaoonekana kwanza, na kwa hivyo ndio unaoaminiwa kupita kiasi. Swali la kwanza la kujiuliza ni jinsi mkanda unavyoshikana na kifaa. Kuna namna tatu kuu. Namna ya kwanza ni ile ambayo mwili wa kifaa ni kipande chenye umbo la kidonge cha dawa, kinachokaa ndani ya tundu la mkanda mmoja mzima na kutolewa kwa kusukumwa kwa kidole gumba. Namna ya pili ni mkanda wa vipande viwili, kila kimoja kikishikwa upande wake kwa kijiti chenye springi au kwa kitufe cha kuachilia. Namna ya tatu ni mkanda ulioungana na kifaa moja kwa moja, usioweza kutolewa pasipo kuharibu.

Namna ya kwanza humpeleka mtazamaji moja kwa moja kwenye ukoo wa bangili za Xiaomi, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 2014 kwa jina Mi Band, au kwenye mojawapo ya nakala zake nyingi. Toleo la kwanza hadi la saba yote yana kidonge kinachotoka ndani ya mkanda. Mwaka wa 2023, toleo la nane liliacha desturi hiyo na kutumia mkanda wa vipande viwili. Kwa hivyo bangili ya Xiaomi yenye kidonge ndani ya tundu haiwezi kuwa ya nane, na bangili yenye vipande viwili haiwezi kuwa ya saba ya kawaida. Huo ni ushahidi mzuri, na mkanda umeutoa bila kuombwa.

Hila yake huanzia hapo. Mkanda wa Mi Band 3, iliyotoka mwaka wa 2018, unaingiliana na kidonge cha Mi Band 4, iliyotoka mwaka wa 2019. Vidonge vyenyewe vinakaribiana mno kwa vipimo: kila kimoja kina urefu wa takribani milimita 47 na upana wa takribani milimita 18. Hata hivyo, chaja zao ni mbili tofauti na hazibadilishani. Vivyo hivyo, mkanda wa saa ya Fitbit Versa ya mwaka wa 2018 unaingia bila taabu katika Versa 2 ya mwaka wa 2019, ilhali chaja ya Versa haiichaji Versa 2. Anayesema kwamba mkanda ukiingia basi na chaja itafanya kazi amechanganya mambo mawili yasiyohusiana. Mkanda hubuniwa kwa ajili ya mkono wa mvaaji na kwa soko la mikanda ya rangirangi, na mtengenezaji ana sababu ya kibiashara ya kuuhifadhi. Chaja hufuata bodi ya umeme iliyo ndani, ambayo hubadilishwa kila toleo linapobadilika.

Isitoshe, mkanda unaweza kuwa si wa asili. Uliokatika hubadilishwa kwa wowote unaopatikana mjini, na chapa iliyo kwenye kifungo chake inaweza kuwa ya mwenye mkanda na wala si ya mwenye saa.

Mgongo wenye kihisio

Kifaa kikigeuzwa, sehemu inayogusa ngozi huonyesha kidirisha cha kioo cheusi au cha plastiki angavu. Hicho ndicho kihisio cha mapigo ya moyo. Ndani yake mna taa ndogo za kijani na jicho la kupokea mwanga. Damu hufyonza mwanga wa kijani, na kwa kuwa kiasi cha damu kwenye mishipa ya mkono hupanda na kushuka kwa kila pigo, mwanga unaorudi hupanda na kushuka pia. Kifaa kikiwa kimezimika taa hizo haziwaki, lakini vidirisha vyake bado huonekana vikiinamishwa kuelekea mwanga wa jua.

Kwa kazi ya kutafuta chaja, kihisio chenyewe si muhimu sana. Kinachofaa ni kukitofautisha na vitu vingine vilivyo mgongoni. Watu wengi hudhani kwamba kile kidirisha ndicho mahali pa kuchaji, wakakiwekea chaja na kushangaa. Kwa upande mwingine, kuna saa janja ambazo mgongo wake wote ni laini, hauna hata kitone kimoja cha chuma. Hizo huchajiwa bila waya, kwa koili iliyofichwa ndani, kupitia kisahani kinachoshikwa kwa sumaku. Saa za Apple, tangu ya kwanza ya mwaka wa 2015, ni za aina hiyo, na saa za Samsung zenye jina Galaxy Watch vilevile. Kisahani cha Apple hakiifai ya Samsung, wala cha Samsung hakiifai ya Apple, ingawa kwa macho vyote ni visahani vyeupe au vyeusi. Kwa bahati njema saa hizi kubwa huandikwa majina yao mgongoni kwa herufi zinazosomeka, kwa hivyo hazisumbui, na makala haya hayatazirudia.

Mgongo una faida nyingine kubwa zaidi ya kihisio: maandishi. Karibu kila kifaa cha mtengenezaji anayejulikana kina namba ya modeli iliyochapwa au kuchongwa kwa herufi ndogo mno, kwa rangi ya kijivu juu ya nyeusi, kana kwamba mtengenezaji aliona aibu kuiandika. Jicho tupu halitoshi. Njia rahisi ni kuufuta mgongo kwa kitambaa chenye unyevu, kukishika kifaa mshazari karibu na dirisha, kukipiga picha kwa simu, kisha kuikuza picha. Katika ukoo wa Xiaomi, herufi XMSH05HM humaanisha Mi Band 3, XMSH07HM humaanisha Mi Band 4, na XMSH10HM humaanisha Mi Band 5. Tofauti ya tarakimu mbili katikati ndiyo tofauti kati ya chaja inayofaa na isiyofaa.

Maandishi haya yakipatikana, kazi imekwisha: mtu huitafuta chaja kwa namba hiyo na si kwa sura. Tatizo ni kwamba jasho, mafuta ya kupaka na miaka miwili ya kusuguana na ngozi huyafuta. Hapo ndipo mahali pa umeme panapohitajika kusomwa.

Mahali umeme unapoingilia

Vifaa visivyochajiwa bila waya huwa na vitone vya chuma, kwa kawaida vya rangi ya dhahabu au fedha, ambavyo pini za chaja huvigusa. Pini hizo zina springi ndani; zikibonyezwa kwa ukucha huzama na kurudi. Mambo manne ya kuangaliwa ni idadi ya vitone, mahali vilipo, umbali baina yake, na jinsi chaja inavyovishika.

Idadi ni rahisi. Bangili nyingi nyembamba zina vitone viwili: kimoja cha umeme kuingia na kingine cha kurudi. Saa zenye vinne hutumia viwili kwa umeme, na viwili vilivyobaki, pale vinapotumika, ni vya kupitisha data. Saa nyingi za Garmin tangu mwaka wa 2017, zikianza na Fenix 5, zina kitundu kidogo chenye vitone vinne ambamo plagi nyembamba huingizwa. Plagi hiyo moja imetumika katika modeli nyingi za kampuni hiyo, jambo ambalo ni nadra katika biashara hii na linastahili kusifiwa.

Mahali vilipo vitone pana maana kuliko idadi. Mfano mzuri ni uleule wa Xiaomi. Katika Mi Band 3 vitone viko kwenye ncha ya kidonge, mahali ambapo mkanda huvifunika. Ndiyo maana kidonge hakina budi kutolewa ili kichajiwe, na chaja yake ni kidau kidogo cha plastiki ambamo kidonge hutiwa kwa ncha. Katika Mi Band 4 vitone vilihamishiwa mgongoni. Chaja yake bado ni kidau, lakini pini zimo kwenye sakafu ya kidau. Mwaka wa 2020, Mi Band 5 ilileta mabadiliko makubwa zaidi: kidau kikaachwa, na mahali pake pakaja kichwa kidogo chenye sumaku na pini mbili, kinachojishika chenyewe mgongoni bila kidonge kutolewa mkandani. Chaja hiyo hiyo ndiyo ya toleo la sita la mwaka wa 2021 na la saba la mwaka wa 2022. Basi mwenye bangili ya tano, ya sita au ya saba hana haja ya kubishana na muuzaji kuhusu namba. Mwenye ya tatu au ya nne anayo haja kubwa.

Fitbit nao wana mpaka wa namna hiyo. Charge 3 ya mwaka wa 2018 na Charge 4 ya mwaka wa 2020 huchajiwa kwa kibano kimoja, chenye meno yanayoubana mwili wa kifaa mithili ya kibanio cha nguo. Charge 5 ya mwaka wa 2021 iliacha kibano, ikachukua chaja ya sumaku inayotumika pia kwa bangili yao ya Luxe. Anayeona mifereji miwili kwenye kingo za mgongo, mahali pa meno kushikia, ajue anatafuta kibano. Anayeona mgongo usio na mifereji, wenye vitone tu, ajue anatafuta sumaku.

Umbali baina ya vitone huwa muhimu zaidi kwa vifaa visivyo na jina, vile vinavyouzwa kwa chapa zinazobadilika kila shehena. Watengenezaji wake hununua chaja za sumaku kutoka kwa wauzaji walewale, na kwa hivyo vipimo vichache hujirudia. Kwa chaja za pini mbili, umbali unaokutwa mara nyingi ni milimita 2.84 na milimita 4. Kwa zenye pini nne kwenye mstari mmoja, unaokutwa mara nyingi ni milimita 7.62 kutoka pini ya kwanza hadi ya nne, yaani nafasi tatu za milimita 2.54 kila moja. Umbali hupimwa kutoka katikati ya kitone hadi katikati ya kitone, si kutoka ukingo hadi ukingo. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa kipenyo cha vitone vyenyewe huongeza milimita nzima au zaidi. Rula ya shule inatosha, mradi iwekwe kando ya vitone, vyote vipigwe picha pamoja kutoka juu kabisa, na kipimo kisomwe kwenye picha iliyokuzwa. Kati ya 2.84 na 4 kuna tofauti ya zaidi ya milimita moja, ambayo haitafichika.

Kuna aina moja inayowahangaisha watu bila sababu: bangili isiyo na kitone chochote, wala mgongo wake hauna sumaku. Mwenye kifaa hudhani ameletewa kitu kibovu. Katika aina hiyo, upande mmoja wa mkanda ukivutwa kwa nguvu kidogo huchomoka, na chini yake hujitokeza ulimi bapa wenye vipande vya shaba. Ulimi huo ni plagi ya USB. Huchomekwa moja kwa moja kwenye adapta ya simu au kompyuta, bila waya wowote. Huawei Band 4 ya mwaka wa 2019 ni ya aina hii, na nakala nyingi za bei nafuu zinazoiga sura ya Mi Band 4 ni za aina hii pia. Katika zile ambazo ulimi hauna ala ya chuma, plagi inaweza kuingia juu chini. Kifaa kisipowaka, kigeuzwe upande wa pili kabla ya kulaumiwa.

Mfano mmoja hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa pili jijini Nairobi ambaye shangazi yake, anayefanya kazi Doha, amemtumia bangili nyeusi ili ampelekee mama yake Kakamega. Daktari amemwagiza mama huyo atembee kila siku, na shangazi anataka azihesabu hatua zake. Bangili imefika ndani ya soksi, bila chochote kingine. Basi la kwenda Kakamega linaondoka Ijumaa.

Mwanafunzi anakwenda Barabara ya Luthuli. Muuzaji anaitazama bangili bila kuishika.

"Hii ni Mi Band, dada. Chaja yake ni hii."

"Una hakika, kaka? Ni ya ngapi?"

"Zote ni moja. Tazama, inaingia."

Na kweli inakaribia kuingia. Kidonge kimelala ndani ya kidau, plastiki imekishika, lakini skrini inabaki nyeusi. Muuzaji anasema betri imekufa. Hilo linawezekana, lakini halijathibitishwa, na mwanafunzi ana haki ya kutoikubali hukumu hiyo kabla ya kuusoma ushahidi.

Anakitoa kidonge mkandani. Uso wake una alama ya duara chini ya skrini, na akiipitisha ncha ya kidole juu yake hahisi shimo lolote. Kioo ni bapa. Hiyo ni dalili ya kwanza, kwa maana Mi Band 3 ina kibonyeo mahali hapo, kijishimo kinachohisika hata gizani, ilhali Mi Band 4 ina alama tu. Anageuza. Ncha za kidonge ni tupu. Vitone viwili viko mgongoni, pamoja na kidirisha cha kihisio. Hiyo ni dalili ya pili, na ni nzito kuliko ya kwanza. Anatazama tena ndani ya kidau alichopewa: pini zimesimama kwenye ukuta wa mwisho, si sakafuni. Pini zinagusa plastiki tupu. Hakuna betri duniani ambayo ingejaa namna hiyo.

Mwishowe anaufuta mgongo, anaupiga picha dirishani na kuikuza. Herufi nyingine zimefutika, lakini 07HM inasomeka. Ni Mi Band 4. Anarudi kwa muuzaji, na badala ya kuomba chaja ya Mi Band, anaomba kidau chenye pini sakafuni. Muuzaji anafungua droo ya pili.

Bangili ikitiwa humo, isitarajiwe kuwaka papo hapo. Betri iliyokaa tupu kwa miezi mingi huanza kwa kupokea mkondo mdogo, na skrini inaweza kubaki nyeusi kwa dakika kumi, ishirini au hata nusu saa. Betri ya Mi Band 4 ina uwezo wa miliampea-saa 135, sehemu ndogo sana ya betri ya simu, kwa hivyo saa moja kwenye chaja sahihi inatosha kutoa jibu la haki. Hukumu ya kwamba betri imekufa itolewe baada ya hapo, si kabla.

Pale chaja sahihi inapogoma

Yapo mambo yanayoifanya chaja sahihi ionekane kuwa si sahihi. La kwanza ni uchafu. Jasho lina chumvi, na chumvi juu ya vitone huacha utando wa kijani au mweupe usiopitisha umeme. Pamba iliyochovywa kidogo kwenye spiriti huuondoa; kisu na msasa visitumike, kwa kuwa huitoa ile ngozi nyembamba ya dhahabu inayokinga chuma, na baada ya hapo kutu huja upesi zaidi.

La pili ni chanzo cha umeme. Bangili huvuta mkondo mdogo mno, na pawabenki nyingi zimeundwa kujizima zinapoona mkondo ni mdogo, zikidhani simu imeshajaa. Mtumiaji huona chaja ikifanya kazi kwa nusu dakika na kisha kunyamaza, akadhani imeharibika. Adapta ya kawaida ya simu ya volti 5, au tundu la USB la kompyuta, haina tatizo hilo.

La tatu ni hatari zaidi, nalo linahusu chaja za sumaku zisizo na jina. Umbali wa pini unaweza kulingana kabisa, huku upande wa umeme kuingia na upande wa kurudi vikiwa vimebadilishana. Mtengenezaji makini huzipanga sumaku ili chaja ijivute yenyewe ikiwa sawa na ijisukume ikigeuzwa. Kwa hivyo kichwa cha chaja kikijisukuma, kigeuzwe nusu duara. Kikijivuta na pini zikakaa juu ya vitone, ni dalili njema. Kikijivuta huku pini zikikaa kando ya vitone, chaja hiyo si ya kifaa hicho, na kuishikilia kwa mkono au kuifunga kwa raba ni kutafuta hasara. Mafundi wa simu wana kipima umeme. Kumwomba fundi asome ni pini ipi yenye volti 5 huchukua dakika moja. Kifaa kinachopata joto la kuhisika katika dakika chache za kwanza kitolewe mara moja.

Chaja hizi za sumaku zina udhaifu mwingine ambao hausemwi dukani. Pini zake ziko wazi na zina umeme wakati wote zinapokuwa zimechomekwa, na sumaku yake huvuta kila kipande cha chuma kilicho karibu. Pini ya nywele au kibanio cha karatasi kikinasa juu ya pini zote mbili, umeme huzunguka kwa njia ya mkato, na waya huweza kuungua. Ichomolewe ukutani kila bangili inapoondolewa.

Jambo la mwisho si la umeme. Bangili ikiisha kuwaka, inaweza kukataa kuungana na simu mpya kwa kuwa bado imesajiliwa katika akaunti ya mwenye kwanza. Katika Mi Band 4, kuchagua `Factory reset` ndani ya mipangilio ya bangili yenyewe hufuta kumbukumbu zilizomo, lakini usajili wa akaunti ni heri uondolewe na mwenyewe kupitia programu iliyo kwenye simu yake. Mwanafunzi wa mfano wetu atalazimika kumpigia shangazi yake simu Doha kabla ya Ijumaa.